Uchambuzi wa kisa: tofauti ya saa moja mpakani ilivyozaa saa mbili za kuchelewa Entebbe

Majina, kampuni na tarehe vimeondolewa. Njia, umbali wa muda na mpangilio wa saa vimeachwa, kwa sababu ndivyo vinavyofundisha. Saa zote zimeandikwa kwa tarakimu kama zinavyosomeka kwenye tiketi, na kila mara imetajwa ni saa ya wapi.

Usuli

Msafiri ni mama mfanyabiashara wa nguo, Mtanzania aliyekulia mkoa wa Kagera na anayeishi Kigali. Alikuwa anakwenda Dubai kununua mzigo. Tiketi ya kuanzia Entebbe ilimtokea nafuu kuliko ya kuanzia Kigali, na isitoshe alikuwa na fedha za kukusanya kwa wateja wake Kikuubo, Kampala. Akapanga kupanda basi la usiku kutoka Nyabugogo, amalize shughuli za Kampala asubuhi, mchana ateremke Entebbe.

Tiketi ilisema ndege inaondoka EBB saa 16:15 na kufika DXB saa 22:20. Masharti ya kampuni ya ndege, yaliyokuwa ukurasa wa pili wa tiketi hiyohiyo, yalisema kaunta inafungwa dakika 60 kabla ya kuondoka, na abiria anashauriwa kufika saa tatu kabla. Kwa saa ya Entebbe, basi, alitakiwa awe uwanjani saa 13:15, na mwisho wa kupokelewa kaunta ni 15:15.

Rwanda, kama Burundi na mashariki ya Kongo, inafuata UTC+2, yaani saa mbili mbele ya saa ya rejea ya dunia. Uganda, Kenya na Tanzania zinafuata UTC+3. Saa 16:15 ya Entebbe ni saa 15:15 ya Kigali. Msafiri alijua vizuri kwamba kuna tofauti ya saa moja. Alichokosea ni upande.

Chanzo cha kukosea upande kinaeleweka ukijua njia alizozoea. Kwa miaka mingi mpaka anaoupita ni Rusumo, akitoka Tanzania kuingia Rwanda, na pale kanuni ya abiria wote ni moja: ukivuka, rudisha saa nyuma. Kanuni hiyo ni sahihi kwa anayeelekea Rwanda tu. Yeye aliibeba kama kanuni ya kuvuka mpaka wowote. Akatoka nayo Kigali kwenda Uganda, na hesabu ikawa hivi kichwani: huko watakuwa nyuma yangu kwa saa moja, kwa hiyo 16:15 yao ni 17:15 yangu.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Siku mbili kabla ya safari, akiwa Kigali, aliingiza safari kwenye kalenda ya simu. Hakuandika 16:15 ya kwenye tiketi. Aliandika 17:15, ile aliyoigeuza mwenyewe, na akaweka kikumbusho cha saa tatu kabla. Simu ilikuwa kwenye saa za Kigali, kwa hiyo kalenda ilihifadhi tukio hilo kama 17:15 ya Kigali.

Basi liliondoka Nyabugogo saa 20:00 ya Kigali. Mpaka wa Gatuna na Katuna ulipitwa bila shida. Upande wa Uganda simu ilishika mtandao wa huko, na kwa kuwa ilikuwa imeachiwa ijirekebishe saa yenyewe, ikasogea mbele saa moja. Abiria wengi walikuwa wamelala, naye pia.

Saa 07:00 ya Uganda basi lilikuwa Kampala. Saa ya simu ilikuwa sahihi, inalingana na ya ukutani kwenye mgahawa alikokunywa chai. Alipofungua kalenda aliona ndege imeandikwa 18:15. Aliliona badiliko hilo, maana alikumbuka aliandika 17:15, lakini akalitafsiri kwa namna ambayo watu wengi wangelitafsiri: simu imeshanigeuzia, hii ndiyo saa ya hapa. Tiketi ilikuwa ndani ya pochi na hakuitoa.

Akakaa Kikuubo hadi 13:50. Dereva wa teksi alimuuliza, "Nyabo, ndege ni saa ngapi?" Akajibu, "Saa kumi na mbili na robo." Kwa jibu hilo dereva hakuwa na sababu ya haraka. Badala ya kwenda kushika barabara ya kulipia ya Entebbe, ambayo gari dogo hulipa shilingi 5,000 za Uganda, akashuka na barabara ya zamani kupitia Kibuye na Najjanankumbi, penye foleni karibu kila alasiri. Si kosa lake. Dereva hupanga njia kwa saa anayotajiwa.

Kikumbusho kililia saa 15:15, wakiwa bado njiani kabla ya mji wa Entebbe. Ndiyo dakika ileile kaunta ilipokuwa inafungwa.

Saa 15:25 walikuwa kwenye ukaguzi wa magari langoni, saa 15:33 kwenye ukaguzi wa mizigo mlangoni, na saa 15:40 alisimama mbele ya kaunta ambayo skrini yake ilikuwa imeshabadilishwa kuonyesha safari nyingine. Kwa hesabu yake alikuwa amewahi kwa saa mbili na nusu na zaidi. Kwa hesabu ya tiketi alikuwa amepita muda wa kaunta kwa dakika 25, na muda wa kushauriwa kufika kwa saa mbili na dakika 25.

Uamuzi uliofanywa uwanjani

Dakika nane za kwanza zilipotea katika mabishano. Msafiri alimwonyesha mtumishi kalenda ya simu, naye mtumishi akamwonyesha ubao wa safari. Ubishi uliisha tiketi ilipotolewa kwenye pochi na tarakimu 16:15 kusomwa na wote wawili.

Hapo mtumishi alimpa ushauri uliookoa sehemu kubwa ya fedha: asiendelee kuomba kupandishwa, aende ofisi ya tiketi ya kampuni au ampigie wakala wake mara moja, wakati ndege bado iko chini. Sababu ni hii. Tiketi nyingi zina gharama mbili tofauti. Kubadilisha tarehe kabla ya ndege kuondoka kuna ada yake, na kutotokea kabisa kuna faini iliyo kubwa zaidi. Tiketi nyingine za bei ya chini hupoteza thamani yote ya nauli abiria asipotokea. Tena, asipotokea kipande cha kwanza cha safari, vipande vinavyofuata, pamoja na kurudi, kwa kawaida hufutwa na mfumo bila mtu kuulizwa. Mara nyingi kinachotenganisha hali hizo mbili ni kama badiliko limeingizwa kwenye mfumo kabla au baada ya muda wa kuondoka ulioandikwa kwenye tiketi.

Ofisi ya tiketi ilikuwa na foleni ya watu wanne. Akaamua kumpigia wakala Kigali, na uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu tiketi ilikatwa na wakala na mara nyingi ofisi ya uwanjani humrudisha abiria kwa aliyemkatia.

Simu ilipokelewa saa 15:58 ya Entebbe. Wakala alitazama saa ya ukutani kwake, ikasema 14:58, akatazama tiketi, ikasema 16:15, akajibu, "Usijali dada, tuna zaidi ya saa nzima. Nimalizane na mteja hapa nikupigie." Kosa lilelile la saa, safari hii kwa mtu wa kazi, lilitaka kula dakika 17 zilizobaki. Msafiri, ambaye sasa alikuwa anatazama ubao wa safari na si simu yake, alimwambia ndege inaondoka robo saa ijayo na abiria wameshaingia. Wakala akaacha alichokuwa anafanya. Saa 16:09 ujumbe wa safari mpya, ya kesho yake saa ileile, uliingia kwenye simu.

Matokeo

Alilipa ada ya kubadilisha tarehe na tofauti ya nauli, kwa kuwa daraja la bei alilonunua lilikuwa limejaa kesho yake. Faini ya kutotokea haikutozwa na kipande cha kurudi kilibaki hai. Alilala Entebbe usiku mmoja, na usiku wa kwanza wa hoteli ya Dubai ulipotea kwa sababu ulilipiwa bila haki ya kurudishiwa.

Jambo moja lilimrahisishia: hakuwa amefika uhamiaji. Abiria ambaye ameshagongewa muhuri wa kutoka kisha asipande hana budi kurudi kwa ofisa wa uhamiaji muhuri ubatilishwe kabla ya kutoka nje ya uwanja, na hilo huchukua muda.

Uchambuzi: kwa nini saa moja ikawa mbili

Ukisahau kabisa tofauti ya saa, unakosea kwa ukubwa wa tofauti hiyo. Ukiikumbuka ukaielekeza upande usio wake, unakosea mara mbili yake. Aliyepaswa kutoa moja na akajumlisha moja yuko mbali na ukweli kwa saa mbili. Kwa safari ya Nairobi na London wakati wa majira yao ya baridi, ambapo tofauti ni saa tatu, kosa hilohilo lingekuwa saa sita. Ndiyo maana msafiri asiyejua lolote kuhusu saa za mipaka mara nyingine huwahi kuliko yule anayejua nusu.

Wengi wakisikia kisa kama hiki hudhani tatizo ni hesabu yetu ya saa inayoachana kwa sita na ile ya tarakimu. Hapa haikuchangia. Kigali, Kampala na Kagera wote wanaita 16:15 saa kumi na robo, na dereva alimwelewa abiria wake sawasawa. Alielewa sawasawa saa isiyo sahihi.

Kalenda ya simu inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana ndiyo iliyofanya kosa liendelee kuishi baada ya mpaka. Tukio lililoingizwa bila kuchagua eneo la saa hushikamana na eneo ambalo simu ilikuwa wakati wa kuandika. Ukivuka kwenda eneo lililo mbele, kalenda hulisogeza. Tuchukue njia tatu ambazo mama huyu angeweza kufuata:

Aliandika 17:15 akiwa Kigali. Uganda ikasomeka 18:15, kikumbusho 15:15. Amekosa kaunta.

Kama angenakili 16:15 ya tiketi bila kugeuza chochote, Uganda ingesomeka 17:15, kikumbusho 14:15. Bado si sahihi, ila kama angekitumia kikumbusho kama saa ya kuwa uwanjani, alivyokusudia, kaunta angeikuta wazi kwa saa nzima.

Kama angeandika 16:15 na kwenye sehemu ya "Saa za eneo" ya tukio hilo akachagua Kampala, Kigali ingesomeka 15:15, na akivuka ingerudi kuwa 16:15. Kikumbusho kingelia 13:15.

Njia ya tatu ndiyo sahihi, na wachache huitumia kwa sababu sehemu hiyo imejificha chini ya saa ya kuanza. Lazima uiguse kwa makusudi. Asiyetaka kuhangaika nayo aandike saa kwenye jina la tukio lenyewe, kwa mfano "NDEGE 16:15 ENTEBBE". Maandishi ya jina hayasogezwi na simu. Msafiri angeyaona asubuhi mgahawani yamekaa juu ya 18:15, na tofauti hiyo ingemlazimisha kutoa tiketi.

Saa tatu za akiba alizojiwekea zilikuwa wazo zuri, lakini zilipimwa kutoka kwenye saa mbovu. Saa mbili zililiwa na kosa, na ya tatu ndiyo ile ambayo kaunta huwa imefungwa. Hakubakiwa na kitu. Akiba ya namna hii inasaidia kwa foleni, pancha na ukaguzi mrefu, yaani mambo yanayotokea baada ya hesabu. Hesabu yenyewe inahitaji kuhakikiwa kwa njia nyingine.

Hesabu ilivyopaswa kufanywa

Saa iliyochapishwa kwenye tiketi ya ndege ni ya uwanja husika: ya kuondoka ni ya uwanja wa kuondokea, ya kufika ni ya uwanja wa kufikia. Haina haja ya kugeuzwa. Tiketi hii inajithibitisha yenyewe: kutoka 16:15 hadi 22:20 ni saa sita na dakika tano, ila kwenye safu ya muda wa safari pameandikwa saa tano na dakika tano. Saa moja iliyopungua ni kwa sababu Dubai iko UTC+4.

Kwa hiyo mtu anapanga kurudi nyuma akiwa ndani ya saa moja tu, ile ya uwanja, na kugeuza hufanyika mara moja, mwishoni kabisa, pale penye saa ya kutoka nyumbani. Kwa safari hii ingekuwa: ndege 16:15, kaunta inafungwa 15:15, kufika 13:15, barabara ya Kampala hadi Entebbe ipewe saa mbili kwa ajili ya foleni, kwa hiyo kutoka Kikuubo 11:15, basi kufika Kampala 07:00, zikibaki saa nne na robo za shughuli na chai, safari ya basi saa kumi, kwa hiyo kuondoka Nyabugogo 21:00 ya Entebbe. Hapo ndipo panapogeuzwa: 21:00 ya Entebbe ni 20:00 ya Kigali. Basi alilopanda lilikuwa hilohilo sahihi. Kilichoharibika ni saa mbili na dakika 35 kati ya 11:15 na 13:50, alipokuwa Kikuubo akihesabu noti bila wasiwasi.

Upande wa kugeuza hauhitaji kukariri kanuni ya kujumlisha au kutoa. Mpigie mtu aliyeko kule umuulize saa hii kwake ni ngapi, au ongeza mji huo kwenye saa ya dunia ya simu, kisha andika jozi hiyo kwenye karatasi: "Kigali 10:00 = Entebbe 11:00". Jozi moja ya wakati uleule inakuonyesha tofauti na upande wake kwa pamoja, na hesabu nyingine zote unazipima kwayo. Mama huyu angeandika jozi hiyo, angeona mara moja kwamba 17:15 yake haiwezi kuwa 16:15 ya kule, kwa kuwa Entebbe ndiyo yenye namba kubwa.

Aliyezoea kuamka mapema ana kipimo kingine, kwa njia hii hasa. Kigali na Kampala haziko mbali, hivyo jua huzifikia kwa karibu wakati mmoja. Saa kumi na mbili alfajiri ya Kigali kumeshakucha au kunakucha. Saa kumi na mbili ya Kampala bado giza, na jua hutoka kwenye saa kumi na mbili na nusu au zaidi kidogo. Jua ni moja, namba ya Kampala ni kubwa, kwa hiyo Kampala iko mbele.

Mipaka ya njia hii

Jozi iliyoandikwa leo ya Kigali na Entebbe itafaa pia mwezi ujao, kwa sababu nchi hizi hazibadilishi saa kwa majira. Kwa anayesafiri kutoka Ulaya haifai hivyo. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo London iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa mbili kiangazi na tatu baridi. Marekani hubadilisha kwa tarehe zake: Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Jozi iandikwe kwa tarehe ya safari, si kwa siku ya kukata tiketi, na kwenye safari za siku chache kandokando ya Jumapili hizo ni afadhali kuihakiki tena usiku wa kuamkia safari.

Ndani ya Kongo pia pana maeneo mawili: Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko UTC+2, Kinshasa iko UTC+1. Anayeunganisha ndege kutoka Goma kupitia Kinshasa anabadilisha saa bila kuvuka mpaka wowote, na kanuni ya "ukivuka, rudisha" haimkumbushi chochote.